Vikombe Viwili vya Mzee wa Trekta

Katika mahakama yetu ya Nyamira, Jumatatu asubuhi huwa ni ya trafiki. Nimekaa pale miaka mingi nikiwa mkalimani, meza yangu ikiwa kati ya kizimba na meza ya hakimu, na kazi yangu ni kuchukua maneno upande mmoja na kuyafikisha upande wa pili bila kuyaongezea chumvi. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu wetu hugawa makosa mafungu mawili. Kuna jinai, ambayo hufanywa na wezi na watu wa ukoo mwingine. Halafu kuna trafiki, ambayo inaweza kumpata mtu yeyote, kama mafua.

Mzee wa trekta alikuwa wa imani hiyo.

Alikuja Jumatatu moja kutoka upande wa Nyansiongo, amevaa koti la kanisani na gambuti. Umri wake ulikuwa wa miaka sitini na kitu. Alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista, mfugaji, na mwenye trekta lililolimia nusu ya majirani zake. Kabla hakimu hajaingia, alinikaribia mezani, akainama kama mtu anayeuliza bei.

"Mwalimu, hii itachukua muda gani? Nina ng'ombe wa kukamua saa kumi."

Mimi si mwalimu. Lakini kwetu mtu yeyote mwenye kalamu mfukoni ni mwalimu.

"Inategemea shtaka, Mzee."

"Ni trafiki tu," akanituliza.

Nilikuwa nimeshaona karatasi yake. Shtaka la kwanza lilikuwa kusababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari. La pili, kuendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. La tatu, kuendesha chombo kisicho na honi. Mkalimani hatoi ushauri. Nilimwonyesha benchi, akaenda kukaa.

Aliketi nyuma ya vijana wa bodaboda waliokamatwa bila kofia. Mmoja baada ya mwingine waliingia kizimbani, nikawasomea, wakasema "ni kweli," wakatozwa faini, wakatoka wakicheka na kusukumana. Nilimwona mzee akiwatazama kwa makini, midomo ikicheza, kama mwanafunzi anayekariri. Alikuwa anajifunza namna ya kwenda nyumbani mapema.

Zamu yake ikafika. Hakimu wetu wakati huo alikuwa mama kutoka Pwani. Kiswahili chake kilitufanya sote tukae wima, tuangalie ngeli zetu. Akamuuliza mzee anaelewa lugha gani.

"Kiswahili, Mheshimiwa," mzee akasema kwa fahari. "Hata Kizungu kidogo."

Basi nikamsomea shtaka la kwanza kwa Kiswahili: kwamba Ijumaa fulani, akiendesha trekta na tela barabarani, alilipita lori lililosimama kwenye kona, na kwa njia hiyo ya hatari akasababisha kifo cha mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye ndizi.

"Unasemaje? Ni kweli au si kweli?"

Mzee akanyoosha mgongo. "Ni kweli, Mheshimiwa. Nilimuita."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Mama mmoja akafunika mdomo kwa leso. Mshirika mmoja wa kanisa, aliyekaa mbele na Biblia mapajani, akafumba macho.

Hakimu akaacha kuandika. Alikuwa amesikia Kiswahili, na katika Kiswahili mzee alikuwa amesema jambo la kawaida kabisa. "Ulimwita? Ulimwita nani?"

"Marehemu. Nilimuita mara mbili!"

"Mara mbili!" akanong'ona mtu nyuma, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Nikaomba ruhusa ya kueleza. Kwa Ekegusii, lugha ya huku kwetu, ita ni kuua. Kuita mtu aje tuna neno jingine kabisa. Kila aliye kwenye benchi anajua Kiswahili cha shule, lakini mtu akiwa amesomewa shtaka la kifo, sikio hurudi nyumbani lenyewe. Nusu ya ukumbi ilikuwa imesikia mzee akikiri kwamba alimuua mtu mmoja mara mbili.

Hakimu akavua miwani. "Na wewe, mkalimani, umesikia nini?"

"Mimi, Mheshimiwa, nimesikia yote mawili."

"Muulize kwa lugha ya mama yake."

Nikamuuliza kwa Ekegusii. Hapo Kiswahili cha fahari kikaondoka, na maneno yakamtoka kama maji ya mfereji. Honi ilikuwa imekufa. Akaona mtu na baiskeli mbele. Akapaza sauti, akamwita atoke njiani. Mtu hakusikia, kwa sababu ya mlio wa trekta. Yeye hakuua mtu, ile ilikuwa ajali, na ajali ni trafiki, na kila aliyetangulia asubuhi ile alisema "ni kweli" na akaenda zake. Nikatafsiri yote, pamoja na hiyo ya mwisho.

Hakimu akaweka kalamu chini. Akamweleza, taratibu, kwamba kosa lile linaweza kumpeleka gerezani hadi miaka kumi. Nikalitafsiri. Nilipofika kwenye kumi, mzee aliangalia vidole vyake vya mikono yote miwili, kama anayehakikisha.

"Basi si kweli," akasema.

Hakimu akaandika kwamba amekana. Kisha nikamsomea lile la pili, la ulevi. Sijawahi kuona mtu akibadilika hivyo kizimbani. Kwenye lile la kifo alikuwa mpole. Kwenye la pombe aligonga ubao kwa ngumi.

"Pombe? Mimi? Sijaonja tangu nibatizwe!"

Benchi la kanisa likaitikia amina, na askari wa mahakama akawanyamazisha.

Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, alimtafutia wakili wiki hiyo hiyo. Wakili huyo alikuwa mwanamke kijana kutoka Machakos, mwenye mkoba mzito na uvumilivu ambao baadaye nilikuja kuuheshimu. Mahakama yetu haina chumba cha mawakili. Mazungumzo ya siri hufanyika kwenye benchi la koridoni, nje ya mlango wangu, na mzee huyu alikuwa na sikio moja zito. Kwa hiyo siri zake zilizungumzwa kwa sauti ya mnada.

"Mzee, hebu nieleze. Kwa nini unasema hii si jinai?"

"Jinai ni ya polisi wa kawaida. Hawa walikuwa wa trafiki, wana kofia nyeupe."

"Kofia ni kofia tu. Karatasi yako imeandikwa Jamhuri dhidi yako, sawa na ya mwizi wa ng'ombe. Kitabu cha sheria ni kingine tu. Mwizi yuko kwenye Kanuni ya Adhabu, wewe uko kwenye Sheria ya Trafiki. Lakini gereza ni lile lile, hakuna gereza la trafiki."

"Sikutaka afe! Alikuwa akinunua maziwa kwangu."

"Ndiyo maana hukushtakiwa kwa mauaji. Hapa sheria haiulizi ulitaka nini. Inauliza uliendeshaje."

Binti yake, aliyekaa upande wa pili wa mzee, akasema, "Tata, msikilize." Tata ndiyo baba kwetu, na mtu akiitwa hivyo na bintiye mbele za watu hana pa kukimbilia.

"Sasa tuje kwenye pombe," wakili akasema. "Askari ameandika ulikuwa unanuka na unayumba. Kidude cha kupuliza kimesema una pombe. Daktari pia amesema. Je, ulikunywa?"

"Uliza lingine."

"Mzee, hilo ndilo muhimu. Wakikuona mlevi, na lile la kifo linakuwa zito zaidi. Ulikunywa?"

Niliacha kupiga mihuri.

"Nilikunywa," akasema mwishowe, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akinong'ona. "Lakini baadaye."

Likatoka kidogo kidogo. Ile Ijumaa alikuwa akikimbizana na jua, maana Sabato ilikuwa inaingia na tela lilikuwa bado na majani ya ng'ombe. Lori la majani chai lilikuwa limesimama kwenye kona likipakia. Hakutaka kungoja. Alilipita. Baada ya kugonga, alishuka akaona. Watu walimketisha kando ya barabara akitetemeka. Mama mmoja wa nyumba ya karibu akamletea kikombe cha plastiki, akamwambia, "Kunywa, ni dawa ya mshtuko." Akanywa. Chifu mdogo alichukua funguo za trekta, na askari walifika saa nzima baadaye.

"Kikombe cha nini?" wakili akauliza.

"Dawa."

"Mzee."

"Chang'aa."

Wakili alipiga mkoba wake kofi kwa furaha. "Basi hujambo! Kosa ni kuendesha ukiwa umelewa. Kunywa ukiwa umeketi kwenye nyasi, trekta limezimwa na funguo ziko kwa chifu mdogo, si kuendesha. Utasema hayo kwa kiapo, tutamwita huyo mama, na shtaka la pili linaanguka."

"Sitasema."

"Nini?"

"Wewe binti yangu si wa huku. Wale wanaokuja kukaa benchi la mbele, mimi ndiye ninawagawia meza ya Bwana. Niseme mbele yao nilikunywa chang'aa, tena Sabato ikiingia? Heri gereza. Gerezani watu huombewa."

Binti yake akaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Mimi nikaupiga muhuri wangu kwenye karatasi iliyokwisha kupigwa.

Basi ndivyo ilivyokuwa kwa miezi kadhaa, kesi ikiendelea na mzee akiwa amefunga mdomo. Upande wa mashtaka ulileta mashahidi wake. Dereva wa lori alisema trekta lilimpita kwenye kona likiwa upande usio wake. Mkaguzi wa magari alisema breki zilikuwa nzima, honi haikuwapo kabisa, "hata waya wake sikuuona." Mwendesha mashtaka, mwanamume mkimya aliyependa kutabasamu pasipo sababu, aliwasilisha mchoro wa barabara. Kisha askari akaeleza alivyomkuta mzee akinuka na kuyumba.

Wakili akasimama. "Afande, ulimwona akiendesha?"

"Hapana."

"Ulifika dakika ngapi baada ya ajali?"

"Kama sitini. Pikipiki yetu ilikuwa na pancha."

"Hizo dakika sitini alikunywa nini, na wapi?"

"Siwezi kujua. Mimi nilikuwa na pancha."

Hakimu aliandika hilo. Mlango ulikuwa umefunguliwa, lakini ni mzee peke yake aliyeweza kuupita. Alipoambiwa ana haki ya kujitetea kwa kiapo au kunyamaza, alitazama benchi la mbele. Walikuwa wamekuja wote, wazee wa kanisa watano na akina mama wa kikundi chao cha Dorkasi, wakiwa na Biblia. Mwisho wa benchi hilo hilo alikaa mjane wa marehemu, peke yake, na kitambaa cheusi kichwani. Hakukosa siku hata moja.

Sijui ni nani kati yao aliyemwamulia. Alimtazama mjane muda mrefu kuliko wengine. Kisha akaomba kuapa.

Alizungumza kwa Ekegusii na mimi nikamfuata kwa Kiswahili. Alieleza jua, lori, kona, na jinsi alivyoita. Wakili akamuuliza kama alikuwa ameonja pombe kabla ya kupanda trekta.

"Hapana. Tangu ubatizo."

"Na baada ya ajali?"

Alishika ukingo wa kizimba. "Nilipewa kikombe. Wakaniambia ni dawa. Nikanywa."

Benchi la mbele likatulia. Hilo lingeweza kusamehewa, kila mtu aliona. Hata Danieli aliwahi kupewa chakula asichokitaka. Wakili akaketi upesi, kama mtu aliyefunga ng'ombe mkali na hataki kujaribu kamba tena.

Lakini mwendesha mashtaka alikuwa na tabasamu lake. "Mzee, daktari anasema ulikuwa na pombe nyingi. Kikombe kimoja tu?"

"Viwili."

"Cha kwanza hukujua ni nini?"

"Sikujua."

"Na cha pili?"

Nilitafsiri swali ingawa alikuwa amelielewa. Nzi alitembea juu ya faili langu.

"Cha pili," mzee akasema, "nilijua."

Niliinua kichwa kulitafsiri, lakini hakuna aliyenihitaji. Mama mmoja wa Dorkasi alisema "Yesu wangu" kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka kwenye kapu la mboga. Wengine walicheka, na hakimu, ambaye huwa hacheki, aliinama kwenye daftari lake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Shahidi wa utetezi alikuwa mama mwenye kikombe. Alikuja amevaa vizuri, na jambo la kwanza alilosema, kabla hajaulizwa chochote, ni kwamba yeye hauzi pombe.

"Sikuuza. Nilimpa. Alikuwa anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa."

"Uliipata wapi hiyo uliyompa?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Ilikuwa hapo nyumbani. Ya kusugulia magoti."

"Ulimpa saa ngapi?"

"Baada ya watu kumfunika marehemu. Kabla ya hapo alikuwa ananuka majani ya ng'ombe tu, mimi ndiye niliyemketisha, ningenusa. Pombe naijua." Akasita. "Naijua kwa kusikia."

"Ulimpa vikombe vingapi?"

"Vitatu."

"Cha tatu nilikimwaga!" mzee akapiga kelele kutoka kizimbani, kwa Kiswahili, Kiswahili safi ambacho hakikuhitaji mkalimani. Hata mjane alicheka. Nilimwona. Alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Hukumu ilisomwa wiki chache baadaye. Hakimu alimwachilia mzee kwa shtaka la pombe: hakuna aliyethibitisha kwamba alikuwa amelewa alipokuwa akiendesha, na Jamhuri ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha, hata mambo yakiwa ya barabarani. Nilisikia pumzi zikishushwa kwenye benchi la kanisa. Wakili hakushusha yake.

"Lakini," hakimu akasema, "mtu anaweza kuendesha kwa hatari akiwa na akili zake timamu, na huyu alikuwa nazo." Alilipita lori kwenye kona asiyoweza kuona mbele yake, akivuta tela, akijua hana honi. Kusema kwamba alimwita marehemu hakumsaidii, maana aliyeita aliona, na aliyeona alipaswa kukanyaga breki kwanza. Alimtia hatiani kwa shtaka la kwanza na la tatu.

Nilipotafsiri, mzee aliinamisha kichwa.

Hakimu aliahirisha adhabu ili apate ripoti ya afisa wa probesheni, na akataka kusikia familia ya marehemu. Mjane alikuja mbele. Nilisimama karibu naye, kwa kuwa alizungumza Ekegusii tupu, polepole, na sikutaka kukosa neno.

Alisema mume wake alikuwa mtu wa kuchelewa kila mahali isipokuwa siku ile. Alisema wazee wa pande zote mbili walishakaa wakayamaliza. Hakimu akamkumbusha kwamba kukaa kwa wazee hakuondoi kesi, kwa kuwa kesi ni ya Jamhuri, lakini anaweza kusema moyo wake. Basi akasema.

"Mkimfunga, shamba langu atalilima nani? Tangu niolewe ni trekta hilo tu linalofika kwangu. Mume wangu mmemchukua. Sasa mnataka kuchukua na mahindi?"

Mzee alilia pale kizimbani, bila kujificha, makamasi na yote, na hakuna aliyecheka.

Alipewa kifungo cha nje, miaka mitatu chini ya afisa wa probesheni, pamoja na faini ndogo kwa ajili ya honi. Leseni yake ikafutwa, asiendeshe barabarani, na akakatazwa kupata nyingine kwa miaka mitatu. Nilimfafanulia kila sehemu, naye akairudia kwa vidole. Nje kwenye nyasi, mzee mwenzake wa kanisa alimwambia kamati itakaa Jumapili. Ilikaa, nikasikia, kwa muda mfupi kuliko sisi: kikombe cha kwanza kilisamehewa, cha pili kilimwondoa kwenye meza ya Bwana kwa miezi sita, na cha tatu kiliachiwa Mungu kwa kukosa ushahidi.

Msimu wa kulima ulipofika nilikuwa Nyansiongo kwa mazishi ya jamaa, na njia yangu ilipita kwa mjane. Trekta lilikuwa limesimama kwenye lango lake, na aliyekuwa kwenye usukani ni binti wa mzee, mwalimu, amejifunga kitenge juu ya suruali. Mzee alikuwa akimngoja ndani ya ua, upande wa pili wa lango. Askari wa trafiki, kofia nyeupe kichwani, alikuwa ameegemea pikipiki kando ya barabara, akiwatazama.

Binti aliliingiza trekta langoni, akalizima, akashuka. Mzee akamgeukia askari.

"Afande, barabara inaishia wapi?"

Askari akaangalia lango, akaangalia nyasi zilizo chini ya gurudumu la nyuma.

"Sogeza mbele hatua mbili," akamwambia binti. "Hilo tairi bado liko barabarani."

Binti akapanda tena, akalisogeza, akashuka. Mzee akavua kofia, akapanda taratibu, akaliwasha. Mjane alikuwa amesimama katikati ya shamba na fimbo mkononi, akimwonyesha mahali pa kuanzia. Alikuwa anamwambia kitu, lakini kwa mlio wa injini hakuna aliyesikia. Mzee akakanyaga breki, akazima trekta, akangoja mpaka mjane alipomaliza kusema.